Tangazo Lililotiiwa na Jengo Zima

Kama hujawahi kusikia sauti ya dada yangu, mshukuru Mungu kwa kukutunzia masikio, halafu jisikitikie, maana umekosa uhondo. Sisi tunamwita Redio. Jina hilo nilimpa mimi, kama nilivyoanzisha karibu kila jambo la maana katika ukoo wetu. Alikuwa bado anatambaa. Mama akitaka kujua nani kavunja sahani, hakuwa na haja ya kuuliza. Alimgeuzia uso yule mtoto, na mtoto asiyejua hata kutamka "sahani" alininyooshea kidole na kupiga ukelele mpaka majirani wakaja. Toka siku hiyo nikajua nimepata mdogo wa kike, na nimepoteza siri zangu zote kwa mpigo.

Ukubwani mdomo ule ulimlisha. Miaka mingi alitangaza nguo za mtumba sokoni, na hakuwa na kipaza sauti wala nini, mikono kiunoni tu. "Hii blauzi imevaliwa mara moja, na aliyeivaa alipendwa siku hiyohiyo!" Watu walinunua blauzi zisizowatosha ili wapate sababu ya kusimama na kumsikiliza. Wenye vibanda vya jirani walimchukia asubuhi, jioni wakamkopesha kiti.

Magoti yalipoanza kumlalamikia kwa kusimama kutwa, nikamtafutia kazi ya kukaa. Ndiyo, ni mimi. Nina kibanda changu cha kuziba pancha za baiskeli mlangoni pa jengo moja la ghorofa tano, na chumba changu kipo palepale chini, kwa hiyo hakuna jambo la jengo hilo linalonipita. Msimamizi wa zamani alipohama, nikamwambia Mwenyekiti wa wakazi, "Ninaye mtu. Ana macho, ana miguu nusu, na mdomo anao wa kugawa."

Mwenyekiti alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu. Mtu mrefu, mwembamba, miwani imefungwa kamba shingoni, kalamu mbili mfukoni, moja ya bluu na moja ya kuogopesha watu. Alinitazama, akasema, "Mdomo hatuuhitaji. Tunahitaji afagie ngazi, abadilishe balbu, abandike matangazo."

"Basi kubandika ndiyo fani yake," nikamjibu.

Akamchukua. Na kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda. Redio alifagia ngazi huku akizungumza nazo, akajua nani anaamka mapema, nani mtoto wake anaota meno, nani anajidai anapika kumbe anachemsha maji tu. Ila matangazo, hapo ndipo palipowaka moto. Mwenyekiti aliyaandika kama hati ya kumfukuza mtu nyumbani kwake. "Wakazi wote mnaamriwa." "Ifahamike kwamba." Watu walipita mbele ya ubao wa ngazini kama wanavyopita mbele ya picha ya babu wa mtu mwingine.

Siku moja, Alhamisi, ikaja taarifa ya kampuni ya maji. Aliyeileta alikuwa na pikipiki na haraka zake. Akamkabidhi Redio karatasi, akamsainisha, akaondoka. Redio akaja nayo kibandani kwangu. Nilikuwa nimeinamia beseni natafuta tundu la tyubu.

"Kaka, sikiliza hii," akasema, akasoma kwa pua kama karani. "'Taarifa kwa umma. Wateja wetu wote mnaarifiwa kuwa, kutokana na kazi ya kuunganisha bomba kuu jipya la usambazaji, huduma ya majisafi itasitishwa kwa muda siku ya Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Wateja mnashauriwa kuhifadhi maji ya kutosha kwa matumizi ya lazima. Huduma itakaporejea, maji yanaweza kuwa na msukumo mdogo na rangi isiyo ya kawaida kwa kipindi kifupi. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza.'"

"Wameandika vizuri," nikasema. Mimi niliishia darasa la saba, na darasa lenyewe nililisomea dirishani, lakini maandishi mazuri nayatambua: ni yale yanayonipa usingizi.

"Wameandika vizuri na hakuna atakayesoma. Unakumbuka mara ya mwisho?"

Nani asahau? Mara ya mwisho taarifa kama hiyo ilikaa ubaoni wiki nzima. Siku maji yalipokatika, jengo zima lilitoka ngazini na sabuni machoni, kila mmoja anamuuliza mwenzake kama naye amekatiwa.

"Na safari hii haifai kabisa," Redio akaendelea. Sauti ikapungua, nikaacha tyubu, maana dada yangu akishusha sauti ujue kuna jambo. "Jumamosi ndiyo wale pacha wanatoka hospitali."

Pacha wenyewe nikueleze. Ghorofa ya tano, juu kabisa, anakaa kijana mmoja dereva wa lori na mkewe. Mke alijifungua pacha kabla ya wakati wao, vitoto vidogo kama mikate ya asubuhi, vikabaki hospitalini vikikuzwa. Jengo zima tulikuwa tunahesabu uzito wao kwa pamoja kama timu yetu inayopanda daraja. Sasa wameongezeka, wameruhusiwa, wanakuja Jumamosi adhuhuri. Watoto wachanga wawili, nepi, chupa za kuchemsha, mama ambaye hajapona sawasawa, juu kabisa, na maji hayapo. Uniambie wewe.

"Dereva anajua?"

"Dereva yupo hospitali kutwa, anarudi usiku. Nitamwambia. Lakini wasipojaza na wengine, kesho kutwa watakwenda kumgongea mwenye watoto wachanga kuomba kikombe. Nawajua. Lazima wote wajaze. Kaka, hii taarifa naigeuza."

Akaketi juu ya tairi, akaomba kalamu yangu ya kuandikia tyubu za wateja, akaanza. Mimi nilimsaidia sana. Yeye anakanusha, lakini nilimsaidia. Nilimwambia kwanza aondoe "huduma itasitishwa".

"Niweke nini?"

"Weka bomba linakwenda kutibiwa."

"Watu watauliza linaumwa nini."

"Ndiyo watasoma mpaka mwisho!"

Akacheka, akaandika yake. Akaandika, akafuta, akasoma kwa sauti, akafuta. Hakutaka kupunguza jambo. "Siku ipo, saa zipo, sababu ipo, rangi ya maji ipo," alikuwa akihesabu kwa vidole. "Utani ni sukari tu, kaka. Chai lazima iwemo." Alipomaliza, lilikuwa hivi:

*Jirani zangu wapendwa, salamu! Jumamosi hii mafundi wanatuunganishia bomba kuu jipya, kwa hiyo maji yatapumzika toka saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Usimlaumu mkeo, usimlaumu mumeo, usimlaumu mpangaji mwenzio. Ni mafundi. Ijumaa saa kumi na mbili jioni ni SAA YA NDOO! Wote kwa pamoja, kila mwenye ndoo, dumu, pipa na beseni ajaze, na mwenye sufuria kubwa asione haya. Jumamosi usiache koki wazi ukasahau; maji yakirudi wewe hupo, sebule itaogelea. Yakirudi yatakuja taratibu na rangi ya chai: yaache yatiririke kidogo mpaka yang'ae, na shati jeupe lisubiri. Na tuna wageni wawili wadogo wanakuja ghorofa ya tano. Tuwapokee kwa utulivu. Wenu, Redio.*

Tukampelekea Mwenyekiti. Alisoma akiwa amesimama, miwani ikiteremka puani mstari kwa mstari.

"'Mwenye sufuria kubwa asione haya,'" akasoma. "Hii ni nini?"

"Ni tangazo, Mwenyekiti."

"Hili siyo tangazo. Hii ni harusi. Kampuni imeandika kiserikali, wewe unaandika 'sebule itaogelea'! Tangazo lenye utani halina heshima, na lisilo na heshima halitiiwi."

"La kiserikali lilitiiwa lini, mzee wangu?"

Mwenyekiti akafikicha macho. Hapo alikuwa amebanwa, maana siku ile ya mwisho hata yeye alionekana ngazini amejifunga taulo. "Bandika yote mawili," akasema hatimaye. "La kampuni juu, hilo lako chini yake. Na wakidharau, usije kwangu."

Redio akabandika. Kisha, kwa sababu karatasi haina sauti, akajirekodi kwenye simu akilisoma tangazo lake, akalituma katika kundi la wakazi. Ngoja nikuambie kilichotokea. Baada ya muda mfupi nilisikia sauti ya dada yangu ikitoka dirisha la ghorofa ya pili, halafu la nne, halafu ikatoka kwa msusi aliyepanga chumba cha mbele hapo chini, ikirudiwa na kurudiwa, na wateja wake wenye vichwa vilivyosukwa nusu wakicheka mpaka wanamwaga mafuta. Mtoto wa ghorofa ya tatu alishuka ngazi akiimba "Saa ya ndoo! Saa ya ndoo!" Watu walisimama mbele ya ubao. Walisimama! Mzee mmoja alirudi kuchukua miwani. Wenye jengo la jirani walikuja kuuliza kama na wao wamealikwa.

Redio alitembea siku ile kama aliyevaa viatu vipya. Na mimi nilitembea nyuma yake, maana mwalimu wake ni mimi.

Ijumaa ikafika. Dereva, ambaye Redio alikuwa amemwandikia ujumbe wake peke yake, alijibu kuwa atawahi kurudi jioni ajaze pipa kubwa alilonunua kwa ajili ya wanawe. Saa kumi na mbili ikagonga. Jamani! Sijawahi kusikia kitu kama kile. Koki za jengo zima zilifunguka kwa pamoja kama vile mtu amepuliza filimbi. Ndoo zilipiga kelele, madumu yaliguna, mtu wa ghorofa ya tatu aliwasha muziki. Msusi alijaza mabeseni, akajaza ndoo, akajaza na lile sinki la kuoshea nywele akaliziba kwa taulo. Familia ya ghorofa ya pili ilijaza hadi chupa za chai, zile za kutunza joto, sijui walitaka maji baridi yasipoe. Na mimi? Nilijaza madumu yangu, nikajaza ndoo, nikajaza beseni la tyubu, kisha nikaona ndoo ya takataka inanitazama, nikaiosha nikaijaza nayo. Mtu mmoja asiye na mke wala mtoto! Lakini tangazo lilisema wote.

Redio alikuwa amesimama uani, mikono kiunoni, uso unang'aa. "Unasikia, kaka? Unasikia hiyo?"

"Nasikia. Umeliamuru jengo."

Hapo ndipo Dereva aliposhuka. Alishuka ngazi mbilimbili, shati la kazini bado mwilini, ndoo mkononi, na ndoo ilikuwa kavu.

"Shangazi!" Wote wanamwita hivyo wakiwa na shida. "Shangazi, kule juu koki inakohoa! Imetoa tone, ikakohoa, ikanyamaza. Pipa langu tupu. Kesho nawaleta wanangu kwenye nini?"

Redio akatazama juu. Juu ya paa la jengo letu kuna matangi mawili meusi. Maji ya kampuni huingia kwanza katika tangi kubwa la chini, nyuma ya jengo. Pampu inayasukuma mpaka paani. Kutoka paani yanashuka yenyewe kwa uzito wake kwenda kwenye koki zetu. Sasa ghorofa ya tano ipo chini tu ya paa, maji hayana urefu wa kushukia, kwa hiyo msukumo wake ni mdogo hata siku njema. Wa chini wakifungua wote kwa pamoja, yote yanawakimbilia wao, na wa juu anabaki na upepo. Na pampu yetu huwashwa asubuhi tu. Kilichokuwa paani ndicho kilichokuwa kinagombaniwa, na ghorofa nne zilikuwa zinakimaliza.

Nikaona uso wa dada yangu ukibadilika. "Wametii," akasema taratibu, kama mtu anayeangalia moto aliouwasha mwenyewe. "Kaka, wote wametii. Sikuwahi kufikiri watatii wote!"

Hilo ndilo kosa lake, na sidhani kama kuna mtu mwingine duniani angeweza kulifanya. Sisi wengine matangazo yetu hayasomwi, kwa hiyo hayana madhara.

Akamshika Dereva mkono. "Mwanangu, usilie. Hapa maji yapo, yamekaa tu pasipostahili. Twende kwa Mwenyekiti, ana ufunguo wa pampu."

Tukamgongea. Mwenyekiti akafungua mlango akiwa na kanga ya mkewe begani na mikono imelowa.

"Mwenyekiti, washa pampu," Redio akasema.

"Pampu ni asubuhi. Kanuni ya jengo."

"Paani hakuna kitu. Kijana huyu hana hata tone."

Mwenyekiti akamtazama Dereva na ile ndoo kavu. Akashindwa kujizuia. "Nilisema. Nilisema tangazo la utani—"

"Ulisema halitatiiwa!" nikamdakia. "Mbona limetiiwa mpaka limetukausha?"

Akanikodolea macho. Kisha bega likaanza kumtikisika. Ndugu yangu, yule mtu alikuwa anacheka! Nilidhani ameshikwa na kifafa. "Kweli," akasema, "kweli limetiiwa. Miaka yangu yote sijawahi kutiiwa hivi." Akachukua ufunguo. Lakini karani ni karani: hakuwasha mpaka afungue mfuniko wa tangi la chini na kutumbukiza ufito aone maji yamefika wapi. "Pampu ikivuta upepo inaungua," akaeleza. "Ya kwanza iliungua hivyo. Kanuni hiyo siyo roho mbaya." Ufito ukatoka umelowa mpaka juu, maji ya kampuni bado yalikuwa yanaingia. Akabonyeza swichi. Pampu ikanguruma.

Dereva akakimbia juu. Baada ya muda tukasikia sauti yake dirishani, mbali: "Bado! Inakohoa tu!"

"Haiwezi kufika," Mwenyekiti akasema. "Inavyopandisha ndivyo wanavyoteremsha. Mpaka wafunge."

Redio akatoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Nani anatazama simu akiwa na ndoo mikononi? Akaingia ngazini, akasimama pale chini ambapo ngazi zinazunguka na ukitazama juu unaona mpaka dari la mwisho. Akavuta pumzi. Akaweka mikono kiunoni.

"JIRANI ZANGUUU!"

Nakwambia vumbi lilianguka. Muziki wa ghorofa ya tatu ulizimika wenyewe kwa heshima.

"Ni mimi Redio! Nimekosea! Niliwaambia mjaze wote pamoja, mkajaza wote pamoja, Mungu awabariki kwa utiifu wenu, sasa mmemnyima maji mwenye pacha! Ghorofa ya tano hakuna hata tone! Nawaomba mfunge koki! Zote! Mwenye ndoo nusu aridhike na nusu! Tunaanza upya, juu kwanza, chini mwisho! Fungeniii!"

Halafu mlango ukafunguka, na mwingine. Vichwa vikatokea juu ya reli, kimoja kina povu.

"Pacha hawana maji?" akauliza mama wa ghorofa ya nne.

"Hawana!"

"Ala! Baba watoto, funga hiyo!"

Kwii, ikafungwa moja. Kwii, nyingine. Zilifungwa ghorofa kwa ghorofa kama mtu anayefunga vifungo vya koti. Msusi akatoka akifuta mikono, "Mimi nimefunga, na hata ningetaka nisingeweza, hakuna tena chombo." Watu wote wakasimama ngazini, wakanyamaza kusikiliza. Nyuma pampu ilikuwa inanguruma.

Na katikati ya ule ukimya, tukasikia. Maji. Yanatiririka, mengi, kwa raha zake, shaaa, mahali fulani.

"Nani huyo?" Redio akanong'ona, na mnong'ono wake ulifika ghorofa ya nne. "Nani hajafunga?"

"Siyo sisi!"

"Siyo kwangu!"

"Mjomba, ni wewe?" msusi akaniuliza. Watu wabaya sana.

Tukafuata sauti kwa masikio, kundi zima, tunanyata kama tunatafuta kuku. Tukapita ghorofa ya pili: hapana. Tukarudi ya kwanza. Tukasimama mbele ya mlango uliokuwa wazi. Nikageuka, kila mtu akageuka, tukamtazama Mwenyekiti.

Mwenyekiti alishika miwani yake. "Karai la kuogea," akasema kwa sauti ndogo. "Mlivyonigongea... niliacha..." Akaingia mbio, na nguo za nyumbani na heshima yake yote, na tukasikia anateleza, anasema neno ambalo mahakamani wangeliandika kwa vitone, halafu kwii. Kimya.

Hakuna aliyecheka. Tulijizuia kwa nguvu. Mama wa ghorofa ya nne alijifunika mdomo kwa upande wa kanga, mtoto wa "saa ya ndoo" alijing'ata mkono. Tukasubiri. Pampu ikanguruma. Bomba la ukutani likaanza kugugumia, likapiga mlio kama tumbo la mtu aliyefunga.

Halafu kutoka juu kabisa: "Inatema upepo!"

Tukasubiri.

"Inatoa... imetoa... YANAKUJA! SHANGAZI, YANAKUJA!"

Basi hapo. Ngazi zile zililipuka. Watu walikumbatiana na mikono ya sabuni. Msusi alipiga kigelegele kilichoamsha mtaa. Mwenyekiti alitokea mlangoni kalowa mpaka magotini, na mtu mmoja, sisemi nani, ni mimi, akamuuliza, "Mzee wangu, na wewe ulikuwa umelisoma lile tangazo lisilo na heshima?"

"Nililisoma mara mbili," akajibu. "Nilikuwa wa kwanza kufungua." Hapo ndipo tukacheka mpaka tukashikilia ukuta.

Jioni ile tulijaza kwa mpango. Dereva alijaza pipa lake mpaka likafurika, na koki zetu zote zimefungwa, akashuka kutupa taarifa mwenyewe. Kisha wa nne, kisha wa tatu, mpaka sisi wa chini, ambao kusema kweli hatukuwa na pa kuweka. Redio alisimama palepale chini ya ngazi akiita zamu, "Ghorofa ya tatu karibuni, ghorofa ya nne asanteni kwa ustaarabu wenu, mwenye dumu la njano usijifanye ni la kwanza!" kama siku zake za mtumba. Mwenyekiti akaiacha pampu ifanye kazi, yeye mwenyewe ameketi nyuma na ufito wake, anapima tangi la chini na kutazama bomba la paani linalomwaga maji matangi yakifurika. Lilipoanza kudondosha maji akajua matangi yamejaa, akazima. Kwa hiyo asubuhi kampuni ilipokata, paani palijaa na chini palijaa.

Jumamosi hiyo jengo lilikuwa tulivu kama lilivyoombwa. Kila aliyepita ngazini alikanyaga polepole. Nilijaribu kumpa mteja mmoja maji ya beseni langu la tyubu, akayatazama akaondoka. Adhuhuri, teksi ikasimama mbele ya kibanda. Mama pacha akashuka, taratibu, amechoka na anatabasamu. Dereva akabeba mmoja. Wa pili, kwa kuwa Redio magoti yake hayamruhusu kupanda na mzigo, na mimi mikono yangu ina grisi, alikabidhiwa Mwenyekiti, aliyekuwa amevaa shati jeupe kwa ajili ya shughuli.

Tukapanda wote. Chumba cha juu kilikuwa kimefagiliwa, pipa limesimama pembeni limefunikwa, chungu cha maji yaliyochemshwa kinapoa jikoni. Mama pacha alifunua pipa, akatazama ndani, akaweka kiganja juu ya maji kama anayepapasa kichwa cha mtoto. "Shangazi," akasema, "mwenye bahati ni mimi."

"Keti kwanza, mwanangu," Redio akamwambia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake maneno yakamwishia.

Mwenyekiti naye alikuwa amesimama katikati ya chumba na yule mtoto, wima, mikono mbele, kama ameshika kielelezo cha kesi. Mtoto akamtazama. Mwenyekiti akamtazama mtoto. Kisha uso wa Mwenyekiti ukabadilika polepole, akainamisha macho kwenye shati lake jeupe, na hapo wote tukaona unyevu ukisambaa.

"Leta nepi!" akasema Dereva, na aibu na kicheko vimemchanganya. "Mzee, samahani sana! Vua shati, tulifue sasa hivi, maji yapo!"

"Maji yapo," Mwenyekiti akarudia, kama anayesoma hukumu nzuri. Hakumrudisha mtoto. Akamsogeza kifuani, palepale palipolowa. "Mwacheni. Amengoja sana kufika huku."

Redio maneno yalimrudia. Nilimwona anageuka kuelekea mlangoni, kuelekea ngazi, mikono inatafuta kiuno.

"Thubutu!" Mwenyekiti akamkaripia, kwa sauti ya chini asimwamshe pacha mwingine. "Hili halitangazwi."

"Mzee wangu," Redio akasema, tayari amefika kwenye reli, "lina heshima kabisa." Na akavuta pumzi.